Samaki wa Barafu wa Mama Valentine

Hamdi alifika kwenye meza ya Asenath bila salamu, na hapo hapo Asenath akajua kuna jambo. Hamdi, mwanamke wa Kiorma mwenye hoteli karibu na stendi ya Garsen, hakuwa mtu wa kuruka salamu. Siku nyingine zote angeuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, na za ng'ombe ambao Asenath hajawahi kuwa nao maishani, kisha ndipo angekumbuka kwamba amekuja kununua samaki. Asubuhi ile alitua sufuria mezani kwa kishindo, akafunua kifuniko.

"Mama Valentine, hii ni nini?"

Asenath akachungulia. Ndani mlikuwa na nusu ya tilapia ya kukaanga, iliyovunjikavunjika kama ugali uliolala.

"Ni samaki."

"Samaki? Hii imerudishwa mezani kwangu jana mchana, mbele ya watu. Watu wanane wa Kau, wamekuja mambo yao ya ardhi, wanakaa wanaagiza samaki. Mama mmoja mzee anaonja mara moja tu, anatema. Anasema kwa sauti, hoteli yote inasikia: huyu aliganda huyu, akayeyushwa, mnatulisha maiti za friza. Wote wanasukuma sahani. Wanaondoka na njaa yao, na wengine wananifuata kuuliza ni kweli."

"Sasa unaniletea mimi?"

"Nilete kwa nani? Samaki ya hoteli yangu inatoka kwako. Leo nakwambia uso kwa uso, sitaki kusema nyuma yako. Kuanzia kesho sitachukua."

Sasa, mtu asidhani hilo lilikuwa neno dogo. Meza ya Asenath ilisimama kwa hoteli ya Hamdi. Wanunuzi wa mmoja mmoja walikuwepo, ndiyo, wa kuja jioni kuchagua samaki mmoja wa mboga na kubishana nusu saa. Lakini sehemu kubwa ya mzigo wa kila siku iliingia jikoni kwa Hamdi, na ndiyo sababu Asenath alikuwa bado anauza samaki Garsen baada ya miaka kumi na saba, wakati wenzake watatu walioanza naye walikwisha kurudi shambani. Kumpoteza Hamdi kulikuwa ni kufunga meza. Tena si kufunga tu. Ni kufunga ukiwa umeitwa mwongo.

Asenath hakulia. Alipandwa na hasira.

"Mama Ikhlas, nisikilize vizuri. Mimi nimezaliwa Kau, kwa wavuvi. Nimejua samaki kabla sijajua kuvaa viatu. Marehemu mama yangu alikuwa akimnusa samaki akiwa bado kwenye mtumbwi, anakwambia huyu ni wa jana jioni, huyu ni wa alfajiri. Leo mimi niuze samaki aliyeganda? Mimi?"

"Lakini unasema wewe mwenyewe!"

"Nasema nini?"

"Kila siku! Unaita: samaki wa barafu, njooni, samaki wa barafu. Mimi nasikia, nanyamaza. Najiambia labda kwenu ndio sawa."

Asenath akapiga makofi, akacheka kicheko kisichokuwa na furaha hata chembe.

"Jamani! Wa barafu maana yake amelala juu ya barafu! Tazama!" Akachota kwa kiganja barafu iliyopondwa kutoka kwenye beseni kubwa la samaki. "Anatolewa majini, anawekwa hapa, anafunikwa, jua la Garsen lisimharibu njiani. Amepoa tu. Hajaganda. Aliyeganda ni mwingine kabisa. Huyo amekuwa jiwe, amekaa katoni ndani ya friza miezi, ametoka huko sijui nchi gani, halafu anayeyushwa na kulazwa mezani aonekane amevuliwa leo."

"Basi neno ni moja, samaki ni wawili. Mimi nitajuaje? Mimi mtoto wa ng'ombe. Nyama nikiiangalia tu nakwambia imelala siku ngapi, na kama mnyama alikuwa mgonjwa nakwambia pia. Samaki sijui. Samaki naamini wewe."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Asenath kuliko yote yaliyotangulia. Alifuta mikono kwenye kanga yake, akauliza polepole:

"Jana ulinunua kwangu peke yangu?"

Hamdi akaangalia pembeni.

"Watu walikuwa wengi. Nikaongeza kidogo kwa yule kijana wa mitungo."

"Ngumbao!"

Asenath alilitamka jina hilo kana kwamba ametema mwiba. Ngumbao alikuwa kijana wa Kigiriama aliyeingia sokoni miezi mitano iliyopita, meza ya nne kutoka kwake. Hakuwa na beseni wala barafu. Samaki wake aliwatunga kwenye kamba za ukindu, wanne au watano kwa kamba, akawaning'iniza kwenye mti mmoja mlalo, na wanunuzi waliokuwa wakipita walisema, aa, hao ndio wametoka mtoni sasa hivi. Asenath alikuwa amewasikia wakisema hivyo mara nyingi, na kila mara moyo wake ulikuwa ukitoa moshi.

"Ndio yeye," alisema. "Nilijua! Mtu anachukua samaki wa katoni, anamtunga kwenye ukindu, na nyinyi mnadhani ametoka mtoni! Twende. Twende sasa hivi, nikufundishe kwa macho yako, usije ukadanganywa tena na mtu yeyote mpaka unaingia kaburini."

Akamshika Hamdi mkono, wakaenda. Wauza mboga waliacha kupanga nyanya ili watazame vizuri.

Ngumbao aliinuka kwa adabu. "Karibuni mama zangu."

"Tumekuja kukagua," alisema Asenath.

"Kagueni tu."

Asenath alishusha mtungo mmoja, akachagua samaki wa katikati kwa makusudi, kwa maana mwongo huweka wazuri pembeni. Akamgeuza uso, akamwelekeza Hamdi.

"Jicho. Kila mtu atakwambia angalia jicho, lakini hawakwambii uangalie nini. Hapa juu kunaweza kuwa na ukungu kidogo, hasa kama alilaliwa na barafu. Huo usikutishe. Wewe tazama kiini, hapa ndani kabisa. Samaki aliyewahi kuganda, kiini chake hugeuka cheupe, kama jicho la samaki aliyechemshwa. Hakirudi kuwa cheusi hata umwoshe na maji ya zamzam."

"Hii ni nyeusi," alisema Hamdi.

"Ngoja." Asenath hakupenda alichokiona. Jicho lilikuwa limetuna, safi, kiini kama tone la wino. Akafunua shavu la samaki. "Sasa matamvua. Yawe mekundu. Lakini wezi wanajua hilo pia, wapo wanaopaka damu ya mbuzi ya machinjioni. Ndio uchukue kitambaa, ufute."

Alifuta kwa pembe ya kanga. Matamvua yalibaki mekundu vile vile, na kanga ikatoka na ute tu.

"Ute huo nao ni mzuri?" aliuliza Hamdi.

"Ni mzuri," alijibu Asenath kwa shingo upande. "Ukiwa mwangavu, unateleza, ni wa samaki mpya. Aliyeganda, ngozi yake hufifia, ute umekwisha kwenda na maji. Sasa bonyeza hapa mgongoni. Kwa nguvu, usimwonee huruma, amekwisha kufa."

Hamdi alibonyeza kwa kidole gumba. Nyama ikazama, ikainuka tena papo hapo, kidole hakikuacha alama.

"Angekuwa wa katoni, shimo lingebaki, na maji yangetoka. Barafu ikishika ndani ya nyama huipasua pasua, basi ikiyeyuka maji hayana pa kukaa. Ndio maana ukimkaanga mafuta yanaruka, na nyama yenyewe..."

"Mafuta yaliruka!" Hamdi alidakia. "Jana! Mpishi wangu aliungua mkono. Samaki wengine kimya, wengine wanalia kwenye karai kama mvua. Tukasema labda hakukausha vizuri."

"Umeona? Umeona?" Asenath alifurahi kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akamgeukia Ngumbao kwa ushindi. Lakini Ngumbao hakuonyesha hofu. Akamwomba samaki wake, akampanua pale kamba ilipopita.

"Mama, tazama na hapa," alisema. "Mimi natunga wakiwa bado wanapiga mkia. Ukimtoboa akiwa hai anatoka damu, na damu inaganda kwenye tundu. Mfu ukimtoboa, tundu linabaki safi kama la sindano kwenye nguo. Halafu tazama ukubwa wao. Mkubwa, mdogo, mdogo zaidi, na huyu kambare aliyejiingiza. Wavu hauchagui. Wa katoni wanatoka sawasawa kama wanafunzi kwenye mstari."

Asenath aliangalia tundu. Palikuwa na damu nyeusi iliyoganda pembeni mwa ukindu. Aliangalia ukubwa. Akashusha mtungo wa pili, na wa tatu, akakagua macho, akafuta matamvua, akabonyeza, na kila samaki aliyemwona mzima alimzidishia hasira. Ingekuwa raha iliyoje kumkuta mmoja tu! Hakumkuta. Alirudisha mitungo mtini bila kusema samahani, na hilo lilikuwa kosa lake, nasi tusimfichie.

"Basi wa jana alikuwa nao wabaya, leo ameleta wazuri," alisema wakiwa wanarudi, lakini sauti ilikwisha kupungua.

Hamdi alitangulia. Alipofika kwenye meza ya Asenath hakungoja kukaribishwa. Aliingiza mkono ndani ya barafu, akachimba, akatoa samaki, akamgeuza uso namna ile ile aliyofundishwa dakika chache zilizopita.

"Nyeusi," alisema, akamweka kando. Akachimba tena. "Nyeusi." Akatoa wa tatu kutoka chini kabisa. Huyo alimshika muda mrefu.

"Mama Valentine. Na hii?"

Asenath alimpokea. Kiini kilikuwa cheupe.

Alimfuta kwa kidole, akidhani labda ni chembe ya barafu. Cheupe. Alimbonyeza mgongoni, kidole kikaacha shimo, na maji yenye rangi ya waridi yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko chake. Alichukua kisu, akampasua kando ya uti. Kwa samaki mpya damu ya utini hushikamana pale pale, nyekundu, ukitaka kuitoa lazima uikwangue kwa ukucha. Ya huyu ilikuwa imegeuka hudhurungi na kuingia ndani ya nyama, imeichafua.

"Huyu hana matumbo," alisema Hamdi. "Na magamba hana. Tangu lini unauza wamekwisha kuparwa? Hapo mwanzo ulikuwa unawapara hapa hapa, magamba yanarukia nguo yangu."

"Ni Barnabas," alisema Asenath. "Wiki tatu sasa baadhi yao anawaleta wameparwa na kutolewa matumbo. Alisema ananipunguzia kazi. Mgongo wangu unauma, aliona nikijishika kiuno."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka nje, alimlaza yule samaki mezani.

Barnabas ni mdogo wake, wa mwisho kwa mama yao. Mama alipofariki alikuwa na miaka sita, na Asenath ndiye aliyembeba, akamlisha, akamsomesha mpaka pale shule ilipomshinda, kisha akampa kazi ya kwenda Kau kwa pikipiki na sanduku la barafu, kuwapokea wavuvi alfajiri na kumletea mzigo. Alipoanza kuwaleta samaki wameparwa, Asenath alisimulia kanisani. Alisimama mbele ya watu, akamshukuru Mungu kwa ndugu mwenye huruma. Watu wakasema amina.

Alilimwaga beseni lote juu ya meza, barafu ikatawanyika mpaka chini. Akawapanga. Upande mmoja wenye magamba, wakubwa kwa wadogo, macho meusi. Upande wa pili waliosafishwa, wote urefu mmoja, hata ukiwapima kwa uzi, na kila jicho lina kitu cheupe ndani. Kumi na wanane. Alikuwa akiwashika mikia kila siku, akiwapima, akiwafunga gazetini, akawapa watu. Hakuwa amewaangalia usoni hata siku moja. Huyu mwanamke ambaye hununua nyanya tatu na kuzigeuza zote tatu!

"Mama Ikhlas," alisema, "ni wangu. Wa jana walikuwa wangu."

Hamdi alitikisa kichwa taratibu. Hasira yake ilikuwa imemwisha, na kwa Asenath hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia.

Barnabas alipopigiwa simu alifika upesi, kwa kuwa alikuwa pale pale nje ya soko na wenzake wa bodaboda. Alikuja akitabasamu. Tabasamu lilifika mpaka kwenye ile mistari miwili ya samaki, likakoma.

"Umewatoa wapi hawa?" aliuliza Asenath.

"Dada, tusemee nyumbani."

"Umewauza hapa, utawasemea hapa."

Barnabas aliwatazama wauza mboga, akamtazama Hamdi, akateremsha sauti. "Maji yamepungua. Ziwa limejaa magugu, nyavu zinatoka tupu. Nafika Kau napata samaki ishirini, wewe unataka arobaini. Kuna lori linashusha katoni njia panda. Nikaona nijazie. Sikutaka hoteli ikukimbie, dada. Nilikuwa nakusaidia wewe."

"Ungesema leo ni ishirini! Nani alikukataza kusema ishirini?"

"Sikutaka ukose."

"Na hao watu wengine wote hapa sokoni, hukuona wa kumuuzia samaki wako wa katoni? Kwa nini mimi?"

Hapo Barnabas alisema ukweli, pengine kwa sababu alichoka kutafuta uongo mwingine.

"Mtu mwingine angenikamata siku ya kwanza, dada. Wewe huangalii. Nikileta mimi, huangalii."

Asenath alitaka kumpiga kofi. Mkono uliinuka kweli, wauza mboga waliuona, kisha ukashuka na kushika ukingo wa meza. Miaka kumi na saba alikuwa akijisifu kwamba hakuna samaki awezaye kumdanganya, na ilikuwa kweli. Hakudanganywa na samaki. Alitamani sana mkosaji angekuwa ni Ngumbao. Huyo Asenath angemtukana akashiba, akaenda zake kulala.

"Mama Ikhlas," alisema bila kugeuka, "hawa ishirini na wawili wenye magamba ni wa Kau kweli, umewakagua mwenyewe. Ukiwataka wachukue, usipowataka sitakulaumu. Wanaopungua nunua kwa Ngumbao. Samaki wake wazuri."

"Na kesho?"

"Kesho pia anza kwa Ngumbao. Ukinikuta nina wazuri, utawaona kwa macho yako. Si umekwisha kujua."

Hamdi alichagua samaki kumi, mmoja mmoja, akigeuza kila uso na kubonyeza kila mgongo, pale pale mbele ya mwenye mali. Hajawahi kufanya hivyo katika muda wote waliojuana, na Asenath alisimama akamwangalia mpaka akamaliza. Kisha Hamdi akachukua sufuria yake, akaenda meza ya nne.

Barnabas alianza kuwakusanya wale kumi na wanane. "Nitawatupa, dada. Nitawapeleka mbali, hakuna atakayejua."

"Waache hapo. Hawana sumu. Watu wanawala, tena wapo wanaowatafuta maana ni rahisi. Aliyeoza hapa si samaki." Alivua aproni yake ya plastiki, akamtupia kifuani. "Vaa. Utawauza wewe, na utawauza kwa jina lao. Ita."

"Niite nini?"

"Samaki wa katoni. Walioganda, wakayeyuka. Ita mpaka stendi wasikie."

"Dada, mimi nina marafiki hapa."

"Mimi nilikuwa na wateja."

Barnabas alifunga aproni. Iliyomfika Asenath magotini ilimfika yeye mapajani, na kamba zake alizifunga vibaya. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba maji. Wenzake wa bodaboda walikuwa wamekwisha kusogea mpaka mlangoni mwa soko, mmoja akacheka, kisha akaona uso wa Asenath, akaacha.

Mama mmoja mwenye kikapu alipita, akasimama, akamgusa samaki wa mwisho kwenye mstari. Alimtazama kijana, si samaki.

"Ni wa leo hawa?"

Barnabas alimtupia dada yake jicho. Asenath hakumsaidia. Alikuwa ameinama, anapara magamba ya samaki wa Kau kwa nguvu zisizohitajika, yanamrukia usoni, wala hayafuti.

"Hapana, mama," alisema Barnabas. "Waliganda. Niliwaficha chini ya barafu."

Mama yule alirudisha mkono kikapuni, akamtazama Asenath, kisha akauliza mwenye mitungo anakaa meza gani.